Mwili Wote Unauma, Vipimo Havioni Kitu

Je, umewahi kuamka asubuhi umechoka kuliko ulivyolala? Siyo uchovu wa siku moja baada ya harusi au mkesha wa msiba, hapana. Tunazungumzia uchovu wa miezi, unaokuja pamoja na maumivu yanayozunguka mwili mzima. Leo mabega na shingo, kesho nyonga na mapaja, keshokutwa mikono yote miwili mpaka kufua nguo inakuwa adhabu. Unakwenda zahanati, unapimwa malaria, hamna. Unapimwa damu, iko sawa. Unapewa dawa ya maumivu, unarudi nyumbani, na wiki ya pili uko pale pale. Hapo ndipo maneno yanapoanza: "Huyu mvivu tu." Wengine wanasema umerogwa.

Kuna ugonjwa wenye sura hiyo na jina lake ni fibromialjia. Makadirio ya dunia nzima ni kama watu wawili katika kila mia, na wanawake ni wengi kuliko wanaume. Mwanamuziki wa Marekani, Lady Gaga, alitangaza mwaka 2017 kwamba anao, akaahirisha maonyesho yake ya Ulaya kwa sababu ya maumivu. Kwa hiyo si ugonjwa wa wanaokwepa jembe.

Katika makala hii tutakaa zaidi kwenye jambo moja: namna ya kuendelea na kazi za kila siku bila kuanguka. Tumetunga mfano wa dada mmoja wa miaka 24 anayeishi Gulwe, wilaya ya Mpwapwa, kule reli ya kati inapofuata bonde la mto Kinyasungwe. Ana mume, mtoto mmoja wa miaka mitatu, na anaishi na mama mkwe. Analima karanga na mtama, na jioni anauza maandazi. Si mtu halisi, lakini ukipita kijijini kwako utamkuta.

KWANZA, NI NINI KINACHOUMA?

Ukimwambia mtu kwamba vipimo vyake ni safi, anaelewa kuwa umemwambia hana kitu. Ndiyo maana inafaa kueleza vizuri.

Misuli ya mgonjwa wa fibromialjia haijaoza wala kuchanika, na viungo vyake havijavimba. Shida iko kwenye mishipa ya fahamu, uti wa mgongo na ubongo, yaani kwenye mfumo unaopokea habari za maumivu na kuamua zina uzito gani. Fikiria redio ambayo sauti yake imefunguliwa mpaka mwisho. Kituo ni kile kile na mtangazaji ni yule yule, lakini ndani ya chumba huwezi kukaa. Mtu mwingine akibeba ndoo anasikia mkono umechoka. Huyu anasikia mkono unawaka. Akiguswa begani kwa nguvu kidogo anaruka. Maumivu ni ya kweli kabisa, wala hayajifanyi. Ila darubini ya maabara na picha ya eksirei haziwezi kuona sauti ya redio.

Na usingizi una mkono wake hapo. Mwaka 1975 daktari Harvey Moldofsky na wenzake kule Toronto, Kanada, walichapisha utafiti mmoja wa ajabu. Walichukua vijana wachache wenye afya njema, wakawalaza maabara usiku kadhaa mfululizo. Kila walipoingia kwenye usingizi mzito, mlio ulipigwa ili kuwatoa kwenye uzito ule. Baada ya siku chache vijana wale walianza kulalamika misuli inauma, mwili umekakamaa, na wakibonyezwa wanaumia. Walipoachwa walale vizuri, hali ikarudi. Tangu hapo ikaeleweka kwamba usingizi mbovu si matokeo ya maumivu peke yake, bali nao unaleta maumivu. Mtu analala saa nane, lakini ni usingizi wa juu juu, kama wa abiria kwenye basi la usiku.

USIKIMBILIE JINA HILI

Hapa tunaomba usome taratibu. Maumivu ya mwili mzima na uchovu vina sababu nyingi, na baadhi yake zinaua au zinatibika kabisa. Mtu wa Dodoma akisema mwili unauma miezi mitatu, tabibu mzuri hafikirii fibromialjia kwanza. Anauliza juu ya maziwa.

Ndiyo, maziwa. Bruselosi, ule ugonjwa unaofanya ng'ombe na mbuzi watupe mimba, huingia kwa binadamu kupitia maziwa mabichi na kwa kushika mfuko wa uzazi wa mnyama aliyetoka kuzaa. Unaleta maumivu ya mgongo na viungo, uchovu mkubwa, jasho la usiku, na homa inayopanda na kushuka. Unatibiwa kwa dawa mbili za kuua vijidudu kwa wiki kadhaa. Kwa mfugaji wa nyanda za kati, kusahau ugonjwa huu ni kosa kubwa.

Baada ya hapo ataangalia upungufu wa damu, virusi vya UKIMWI, kifua kikuu, na tezi la shingo linalofanya kazi pungufu, ambalo humfanya mtu awe mzito, asikie baridi na anenepe bila sababu. Ataangalia vidole na viwiko: je, vimevimba? Je, asubuhi vinakakamaa zaidi ya saa nzima ndipo vinalegea? Hiyo huelekea baridi yabisi ya viungo, na hiyo ina dawa zake za kuzuia viungo visiharibike.

Kwa hiyo mtu mwenye homa, anayekonda, anayetoka jasho usiku, mwenye viungo vilivyovimba, aliyepoteza nguvu mguu mmoja au anayeshindwa kuzuia mkojo, asisome makala hii na kujitibu. Aende hospitali. Kutoka Gulwe ni Hospitali ya Wilaya ya Mpwapwa, na wakiona inafaa watampeleka Dodoma mjini.

Kuna mtego mwingine, wa upande wa pili. Wagonjwa wengi wanapewa dawa ya malaria tena na tena ingawa kipimo hakikuonyesha kitu. Wengine wanaambiwa wana taifodi kila mwezi. Kile kipimo cha damu cha taifodi kinaweza kuonyesha alama hata kwa mtu ambaye haumwi taifodi, kwa sababu kinaangalia askari wa mwili na si kijidudu chenyewe. Kama umetibiwa "taifodi" mara tano mwaka huu na maumivu hayajabadilika, swali la kuuliza si dawa gani kali zaidi. Swali ni kama ilikuwa taifodi.

INATAMBULIWAJE BASI?

Zamani, tangu mwaka 1990, madaktari walitumia sehemu 18 za mwili. Walibonyeza kila moja kwa kidole, kwa nguvu ya kilo 4 hivi, mpaka kucha inaanza kuwa nyeupe. Aliyeumia sehemu 11 au zaidi, na maumivu yakawa yameenea mwili mzima kwa miezi mitatu, alihesabiwa kuwa na fibromialjia. Tangu mwaka 2010 utaratibu ulibadilishwa, kwa sababu kubonyeza peke yake kuliacha nje mambo yanayowasumbua sana wagonjwa. Sasa kazi kubwa ni kuuliza.

Kwa hiyo yule dada wa Gulwe mazungumzo yake yalikwenda hivi:

"Shikamoo dokta."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa. Maumivu yako wapi?"

"Mwili wote tu, dokta."

"Haya, nionyeshe kwa mkono, moja moja."

Akaonyesha shingo, mabega mawili, mikono ya juu, mgongo wa chini, nyonga, mapaja. Juu ya kiuno na chini ya kiuno, kulia na kushoto. Miezi saba.

"Ukiamka asubuhi unajisikiaje?"

"Kama nimepigwa."

"Unasahau sahau?"

Dada akacheka kidogo. "Juzi nimeweka chumvi kwenye maandazi mara mbili."

Hivyo ndivyo vitu vinavyoangaliwa: maumivu sehemu nyingi, miezi mitatu au zaidi, uchovu, usingizi usioburudisha, na akili kuwa na ukungu. Wengi wana maumivu ya kichwa na tumbo linalosokota pia. Tabibu alimpima damu, malaria, virusi vya UKIMWI na bruselosi, akamkagua viungo na tezi. Vyote sawa. Ndipo akalitaja jina. Akaongeza kitu ambacho wagonjwa wengi hawaambiwi: ugonjwa huu hauli mifupa, haupoozeshi, wala haupunguzi uhai. Lakini hauondoki kwa sindano.

Kuhusu dawa tutasema machache. Diklofenaki na ndugu zake hupunguza uvimbe, na hapa hakuna uvimbe, kwa hiyo hazisaidii sana. Zikitumika miezi zinachoma tumbo na kuumiza figo. Prednisoloni nayo si yake. Dawa kali za jamii ya tramado zinaleta mazoea. Dawa moja ya bei ndogo inayoweza kusaidia ni amitriptilini, kwa kipimo kidogo, mara nyingi miligramu 10 mpaka 25 usiku kabla ya kulala. Inasaidia usingizi na inapunguza ile sauti ya redio. Huandikwa na daktari tu, kwa sababu haifai kwa wenye matatizo fulani ya moyo, inakausha mdomo, inafunga choo, na asubuhi inaweza kukuacha na usingizi. Kidonge hicho kikimezwa na mtoto ni sumu, kwa hiyo kikae juu, mbali na mkono wake.

Mwaka 2017 jumuiya ya wataalamu wa magonjwa ya viungo wa Ulaya walipitia matibabu yote yaliyojaribiwa. Kitu kimoja tu ndicho walichokipa pendekezo la nguvu: mwili kufanya shughuli kwa utaratibu. Dawa walizozikubali zote zilipewa pendekezo dhaifu. Sasa tuone utaratibu wenyewe, maana hapo ndipo watu wengi wanapokwama.

MCHEZO WA PANDA SHUKA

Tuangalie wiki ya yule dada mwezi Januari, wakati wa palizi. Jumatatu aliamka ana nafuu. Si unajua siku hizo? Unajisikia kama mtu, basi unataka kulipa madeni yote. Alipalilia saa tatu mfululizo, akateka maji ndoo tatu za lita 20, akafua, jioni akakanda unga kilo mbili wa maandazi. Jumanne hakuinuka. Jumatano alikaa tu. Alhamisi alifagia uwanja. Ijumaa nafuu ikarudi, akaenda tena shambani saa tatu, akalala Jumamosi na Jumapili.

Mama mkwe anaona nini hapo? Anaona mtu ambaye Jumatatu ana nguvu za ng'ombe wa jembe na Jumanne anajifunika khanga. Ni rahisi sana kusema anajifanyisha.

Kumbe ndani ya mwili kinachotokea ni hiki. Siku ya nafuu anavuka uwezo wake, maumivu yanalipuka, anapumzika mpaka siku tatu. Katika siku hizo za kulala misuli inapungua nguvu, na usingizi wa usiku unaharibika kwa sababu alisinzia mchana. Kwa hiyo siku ya nafuu inayofuata uwezo wake umeshuka kidogo. Anavuka tena. Ukirudia miezi, mtu anaishia kuweza kidogo sana, na anaanza kuogopa kila kazi.

Dawa ya mchezo huu tutaiita kazi kwa kipimo. Kanuni yake ni moja na ni ngumu kuimeza: unaacha kazi kwa saa, si kwa maumivu. Unaacha wakati bado unaweza. Na siku ya nafuu huongezi.

KUTAFUTA KIPIMO CHAKO

Tabibu alimpa dada wiki moja ya kuandika. Daftari la shule la mtoto wa jirani lilitosha. Kila alipopalilia, aliandika dakika zilizopita kabla maumivu hayajaanza kupanda. Siyo mpaka ashindwe. Mpaka yaanze kupanda. Siku tano alizopalilia alipata hizi: 25, 15, 20, 30 na 10. Jumla ni 100, ukigawa kwa tano ni dakika 20.

Je, kipimo chake ni 20? Hapana. Hiyo ni wastani, na maana yake kuna siku ataumia kabla ya kufika. Unapunguza moja ya tano. Moja ya tano ya 20 ni 4, inabaki 16. Akaweka 15, ikawa rahisi kukumbuka.

Basi utaratibu mpya wa shamba ukawa huu. Anafika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya jua. Anapalilia dakika 15, anaacha. Dakika 10 zinazofuata hafanyi kazi ya kuinama: anakaa kivulini, ananyoosha mgongo, anachambua mboga. Anarudi dakika 15. Vipande vinne, kisha anakwenda nyumbani, hata kama anajisikia kuendelea. Simu ya tochi ina kengele ya kumwamsha mtu, inatosha. Asiye na simu ahesabu mistari: kama kwa dakika 15 unamaliza mistari miwili, basi mistari miwili ndiyo saa yako.

Sasa piga hesabu. Vipande vinne vya dakika 15 ni saa moja. Siku sita za wiki ni saa sita. Zamani alikwenda siku mbili, saa tatu kila siku. Nazo ni saa sita! Palizi ni ile ile, ila sasa hakuna siku tatu za kulala katikati, na jioni anaweza kumnyanyua mwanawe. Mama mkwe alipoonyeshwa hesabu hii alinyamaza kidogo, akasema, "Sasa mbona hukusema tangu mwanzo." Tunadhani hesabu ilifanya kazi ambayo maelezo ya ugonjwa hayakuweza.

Kazi nyingine zilipimwa vivyo hivyo, lakini si zote kwa dakika. Kwa maji, kipimo ni uzito. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 juu ya shingo inayouma. Akaanza kubeba dumu la lita 10 mara mbili, asubuhi na jioni. Yaliyobaki mume akayaleta kwa baiskeli. Wenye punda wana nafuu zaidi. Kwa maandazi, alikanda unga kilo moja asubuhi na kilo moja saa kumi, na kuumua kukasaidia kwa sababu unga uliopumzika haudai nguvu nyingi. Kufua kuligawanywa: nguo za mtoto siku moja, mashuka siku nyingine. Halafu hakuweka kazi mbili za mikono kufuatana. Baada ya kukanda, alitembea kwenda dukani, hakushika nguo.

Hapa kuna kosa ambalo wengi hulifanya. Wanaweka vipimo vizuri kwa kazi wasizozipenda, lakini wageni wakija au kwaya ikianza mazoezi, vipimo vyote vinatupwa. Mwili haubagui. Kusimama saa mbili ukiimba ni kazi. Omba kiti katika ubeti wa pili, si baada ya wimbo wa kumi.

"MIMI NALIMA, MAZOEZI YA NINI?"

Swali hili ni halali. Mtu anayelima na kuteka maji anaambiwaje akafanye mazoezi kama mtu wa ofisini?

Jibu ni kwamba kazi za nyumbani haziendi kwa mwendo sawa. Zinavuta mkono mmoja, zinakunja mgongo, zinakuja kwa kishindo halafu zinakoma. Mwili wenye fibromialjia unahitaji kitu cha wepesi, cha mwendo uleule, siku baada ya siku, ili ubongo uzoee tena kwamba kutembea si hatari. Na shughuli ya namna hiyo ndiyo inayosaidia usingizi uwe mzito.

Kutembea kunatosha. Dada alianza na dakika 10: tano kwenda kando ya barabara, tano kurudi, mikono mitupu, jua likiwa limeinama. Mwendo ni ule ambao unaweza kuongea na mwenzako, lakini ukijaribu kuimba pumzi inakatika. Siku tano kwa wiki. Kila wiki aliongeza dakika moja au mbili, akilenga nusu saa. Anayependa ngoma anaweza kucheza polepole muda huo huo. Miguu haijui tofauti.

Wiki mbili tatu za kwanza mwili utauma kidogo zaidi. Hapo wengi wanaacha, wakisema mazoezi yamewadhuru. Jinsi ya kupambanua ni hii: angalia kesho yake na keshokutwa. Kama maumivu yamerudi kwenye kiwango chake cha kawaida ndani ya siku mbili, uko sawa, endelea na kipimo kile kile. Kama yamebaki juu zaidi ya hapo, ulipanda ngazi kubwa mno. Rudi kwenye kipimo cha wiki iliyopita, usirudi kitandani. Nafuu yenyewe huanza kuonekana kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili, na ukiacha kabisa inapotea polepole.

Kuna mtu mmoja ambaye kanuni hii ya kuongeza haimfai. Ni yule ambaye shida yake kubwa si maumivu bali kuzimika: akifanya kidogo tu, hata kuoga na kusuka, anaanguka siku kadhaa kama mwenye homa. Huo huenda ni ugonjwa wa uchovu sugu, ambao ni mwingine. Miongozo ya Uingereza ya mwaka 2021 iliacha kabisa kupendekeza kuwaongezea mazoezi wagonjwa hao kwa ratiba. Wao wanabaki chini ya kipimo chao na kuongea na daktari.

USIKU

Amka saa ile ile kila siku, hata kama ulilala vibaya. Hilo ni muhimu kuliko saa ya kulala. Ukilazimika kusinzia mchana, isizidi nusu saa, na isiwe baada ya saa tisa. Chai ya rangi na kahawa viishie mchana. Watu wengi hawajui kwamba kikombe cha chai ya jioni kinaweza kuwaweka na usingizi wa juu juu ingawa wanalala. Simu iwekwe mbali na kitanda. Neti ifungwe vizuri, maana mbu mmoja anafanya kazi ya ule mlio wa Toronto. Gulwe kuna treni za usiku pia, na honi hazizimwi kwa ajili ya mtu. Pamba kidogo masikioni inasaidia, isipokuwa kama una mtoto mchanga wa kumsikia.

Ukikaa kitandani muda mrefu bila usingizi, inuka, kaa gizani mahali pengine, rudi usingizi ukija. Kugeuka geuka saa tatu kunaifundisha akili kwamba kitanda ni mahali pa kuteseka.

WIKI YA TANO

Tusije tukakudanganya kwamba mstari unapanda tu. Dada alibaki dakika 15 kwa wiki mbili, akapanda 17, na mwanzo wa wiki ya tano akafika 19. Wiki hiyo hiyo mtoto akaumwa, usiku mbili hakulala, na siku ya tatu mwili ukawaka kama zamani.

Mpango wa siku kama hiyo alikuwa ameuandika mapema kwenye jalada la daftari, kwa sababu ukiwa kwenye maumivu huwezi kupanga. Ulikuwa hivi: siku mbili, nusu ya kila kipimo. Palizi dakika 9 kwa kipande, kutembea dakika 8, maandazi kilo moja tu. Siku mbili zinazofuata, dakika 15. Kisha 19. Hakulala kutwa hata siku moja, na hakujaribu kufidia siku alizopunguza. Alimwomba wifi yake achukue maji, na badala yake akakaa na watoto wa wifi jioni ile, kazi ya kukaa kitako kwa kazi ya kubeba.

Aliporudi kwa tabibu baada ya miezi mitatu, alikwenda na daftari. Maumivu aliyapa 5 kati ya 10. Mwanzo yalikuwa 7. Hayakuisha. Kutembea kulifika dakika 26. Siku za kulala kutwa, ambazo mwanzo zilikuwa tatu au nne kila wiki, mwezi wa mwisho zilikuwa mbili tu. Tabibu aliziangalia zile namba, akamwambia asiongeze palizi kwa kuwa uvunaji wa karanga unakuja, na kung'oa karanga ni kuinama na kuvuta kwa wakati mmoja. Kwa kazi hiyo aanze upya na wiki ya kuandika.